Mwalimu, Mama Yake na Wino Mwekundu

"Mwanangu, nimeona ulichomfanya mama yangu."

Ujumbe wenyewe ulikuwa huo tu. Mama yake Mwalimu alishafariki zamani, kaburi lake liko Rungwe, na mimi naishi Mbeya mjini, mtaa wa Forest, sijawahi hata kumwona kwa picha. Nikaweka kikombe cha chai mezani nikapiga simu.

Mwalimu ni mstaafu wa Tukuyu, ameandika kumbukumbu za maisha yake, mimi ni mhariri wake. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba anataka uhariri kamili, si kusoma prufu. Msoma prufu anawinda herufi zilizopotea na nukta zilizosahaulika, basi. Mhariri anaingia mpaka ndani ya sentensi, anauliza kama tarehe zinakubaliana, kama yule shangazi aliyekufa sura ya pili ndiye anayepika pilau sura ya sita. Mwalimu alisema, "Fanya kazi yako, usinionee aibu." Akalipa nusu. Nikafanya kazi yangu, sikumwonea aibu.

Nilimtumia faili la Word lenye alama zote za mabadiliko, ili aone kila nilipogusa. Ndivyo inavyotakiwa, mswada ni wake. Sasa Mwalimu hasomi kwenye skrini. Alikwenda kwa kijana wa steshenari pale karibu na stendi, akamwambia amchapie. Faili likiwa na alama, Word yenyewe inaiwekea tiki "Print Markup" bila kumwuliza mtu, na asiyeiondoa atachapa kila kitu. Kijana hakuiondoa, na printa yake ni ya rangi. Maandishi ya Mwalimu yakasinyaa yakabanwa kushoto, kulia yakasimama masanduku ya maoni yangu, na katikati mistari myekundu imepita juu ya maneno ukurasa hadi ukurasa.

"Rangi hiyo naijua, mwanangu," aliniambia kwenye simu. "Nimeitumia miaka thelathini na tano. Mtoto akipata daftari la namna hii nilikuwa namwita mzazi."

Kibaya zaidi, alikuwa ameshampelekea dada yake mkubwa karatasi hizo, aone kitabu cha ukoo kinavyoendelea. Bibi yule alifungua ukurasa wa mama yao, akakuta "Mama yangu" imepigwa mstari mwekundu mara nne. Akauliza huyo mtu wa Mbeya ana ugomvi gani na marehemu.

Nikaomba niandike, kwa sababu kwenye simu Mwalimu hashindwi na mtu.

Kabla ya kuandika nilifungua lile dirisha la pembeni linaloonyesha idadi ya mabadiliko. Yalikuwa elfu mbili na ushee. Nusu na zaidi yalikuwa nafasi tupu. Mwalimu alijifunzia kwenye taipureta, kila baada ya nukta anagonga nafasi mbili, na Word inahesabu kila nafasi iliyofutwa kama badiliko kamili, yenye mstari wake na wino wake. Ukitoa hizo, ukatoa na tahajia, yakabaki mabadiliko yanayostahili kubishaniwa, mia mbili hivi. Hayo ndiyo niliyotaka tuzungumze. Idadi nzima sikumtajia. Mteja aliyekasirika ukimpa takwimu, umempa risasi.

Nikaandika hivi:

"Mwalimu, shikamoo.

Nimepata ujumbe wako na nimeelewa uchungu wako. Mama hajafutwa. Mstari mwekundu ni ombi tu. Ukilikataa, neno linarudi lilivyokuwa.

Wekundu mwingi unaouona ni nafasi mbili baada ya nukta, ambazo nimezifanya moja, na tahajia. Naomba uniruhusu hayo niyamalize bila kuyawekea alama, ili kwenye karatasi ubaki na yale tu yanayohitaji uamuzi wako.

Kuhusu ukurasa wa mama, uliandika: 'Mama yangu aliamka saa kumi alfajiri. Mama yangu aliwasha moto. Mama yangu alipika chai. Mama yangu alichukua jembe. Mama yangu alikwenda shambani.' Nami nikapendekeza: 'Mama yangu aliamka saa kumi alfajiri, akawasha moto, akapika chai, akachukua jembe, akaenda shambani.' Sababu ni kwamba kitenzi chetu kimeshambeba mama ndani yake. Akitajwa upya kila sentensi, msomaji anaweza kudhani kila mara ameingia mama mwingine.

Hata hivyo nimeirudia sura ya msiba, na pale kurudia kwako kunaomboleza. Sura hiyo naiacha kama ulivyoiandika, neno kwa neno. Kwenye sura nyingine napendekeza mama atajwe anapoingia na pale anapoweza kuchanganywa na mtu mwingine.

Jambo moja siwezi kulilegeza, nalo ni sura ya nne. Umeandika kwamba mwaka 1969 ulipanda treni ya TAZARA kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Ujenzi wa reli ile ulianza 1970, ukakamilika 1975. Ukitaka treni ibaki, tubadili mwaka. Ukitaka mwaka ubaki, tubadili chombo.

Ushauri wangu ni kwamba tusiende na kitabu kizima. Nikutumie sura ya mama peke yake, nakala mbili, moja safi ya kusoma na moja yenye alama. Uamue humo, nami nifuate uamuzi huo kwenye sura zilizobaki. Hakuna malipo ya ziada.

Mwisho, ile laki mbili na nusu iliyobaki isikusumbue. Itasubiri mpaka sura hii uipende.

Mwanao, mhariri."

Nilijisifu, sikatai. Nimetetea, nimelegeza, nimempa mlango wa kutokea. Nikaituma.

Ila anwani ile ya barua pepe haikuwa ya Mwalimu. Ilikuwa ya steshenari. Miwani ya Mwalimu ilikuwa nyumbani, kwa hiyo kijana akaombwa asome. Tukuyu siku hiyo ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, bati linapiga kelele, na kijana ili asikike akapandisha sauti kama anasoma taarifa ya habari. Ndani walikuwamo watu wa foleni ya kutoa kopi za vitambulisho, bodaboda waliokimbia mvua, na mama mmoja mwenye mikungu yake ya ndizi. Nayajua haya kwa sababu Mwalimu aliniita kwenye simu, akaiweka spika, ili pasipoeleweka nieleze mwenyewe.

"Nafasi mbili ni nini?" Mwalimu akauliza. Nikaeleza. "Hizo toa," akasema. Ikawa tumepunguza zaidi ya nusu ya vita katika dakika moja, nikapumua.

Wakafika kwa mama. Kijana akasoma ile ya Mwalimu, kisha yangu. Pakawa kimya kidogo, halafu mama wa ndizi akasema, "Huyo wa pili ndiye mchapakazi. Wa kwanza anatajwatajwa tu, mpaka moto uwake watoto wameshalala na njaa."

"Hapana," akadakia bodaboda mmoja. "Mtu ana mama mmoja. Mwacheni amtaje."

"Kwani ametajwa mara ngapi kwenye kile cha pili?"

"Moja."

"Si ndiyo hiyo? Mama mmoja, mara moja."

Walibishana pale, nami niko kwenye spika kama redio iliyosahaulika. Nimehudhuria mafunzo ya uhariri yenye vyeti na chakula cha mchana, sijawahi kusikia watu wakilipima fungu la maneno kwa umakini ule. Mwisho Mwalimu akagonga meza. "Msiba ubaki wangu. Kwingine afanye alivyosema. Lakini sura ya kwanza, pale anaponipeleka shule, atajwe mara mbili." Nikasema sawa, Mwalimu, mara mbili. Na alikuwa na haki. Pale mbele kulikuwa na mama mwenye nyumba, na "a" peke yake isingejua inamfuata nani.

Kijana akaendelea na treni. Hapa nilijiandaa kwa mapambano, maana mwandishi wa kumbukumbu huwa na hoja moja isiyovunjika: "Nilikuwepo, wewe hukuwepo." Na Mwalimu akaitoa ilivyo.

Sauti ya mzee ikatoka mwisho wa foleni. "Mwalimu, 1969 si ulisafiri na mimi? Treni ipi? Tulipanda lori la mizigo. Ukatapika Kitonga."

Kicheko kilichopigwa pale kiliishinda mvua. Anayeujua Mlima Kitonga na zile kona zake hawezi kumlaumu mtu, lakini Mwalimu hakufurahi. Alikaa kimya muda, kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayeagiza dawa, "Weka lori. Kutapika usiandike."

Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia kijana aishie hapo hapo. Sikuwahi.

"Mwisho," akasoma kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari, "ile laki mbili na nusu iliyobaki isikusumbue!"

Kumbe Mwalimu alikuwa ameutangazia mji mzima kwamba kitabu chake kiko kwa wachapishaji wa Dar es Salaam, na kwamba wao ndio wanaomlipa. Mama wa ndizi akauliza, bila ubaya wowote, "Laki mbili na nusu, za kufuta mama?"

Nikajaribu kusema ni utaratibu tu wa kazi, haina haraka, nimeandika kabisa kwamba itasubiri. Nikasikia Mwalimu akisukuma kiti. "Mwalimu hadaiwi," akasema. Kijana yule ni wakala wa pesa za simu pia. Kabla simu haijakatika, hela ilikuwa imeingia kwangu. Nimewahi kuandika barua za kudai malipo zenye vitisho vya heshima na tarehe za mwisho. Hakuna iliyofanya kazi kama ile niliyoandika nikisema sidai.

Ikabaki rangi. Mwalimu alitaka alama za kijani, kwa heshima ya dada yake. Nikamweleza kwamba rangi haisafiri na faili, ni mpangilio wa kompyuta inayolifungua, kwa hiyo hata nikiweka kijani huku Mbeya, Tukuyu inaweza kutoka nyekundu. Nikamwelekeza kijana: Review, kisha kile kimshale kidogo kwenye kona ya Tracking, kisha Advanced Options, achague kijani kwa maneno yanayoongezwa na yanayofutwa. Akafanya. Dada yake Mwalimu alipoletewa karatasi mpya alisema sasa naona mtu ana adabu, ingawa "Mama yangu" ilikuwa imepigwa mistari ile ile.

Sura ya majaribio ilirudi ikiwa imekubaliwa karibu yote, nikaendelea na zilizobaki. Sura ya nne nilipomtumia, ilirudi na lori limewekwa vizuri, mwaka 1969 umebaki, na sentensi moja mpya ambayo Mwalimu ameiongeza mwenyewe: "Tulipofika Kitonga mwenzangu alitapika sana, nikamshika mkono."

Nimeikagua. Tahajia ni sahihi, nafasi baada ya nukta ni moja. Nimeiacha.