Moluskamu huko chini: weka wembe kando kabla hujanunua krimu

Nianze na msimamo wangu ili nisikuzungushe. Mtu mzima ambaye kinga yake iko sawa, akiwa na vipele vya moluskamu, ule ugonjwa wa ngozi unaoletwa na virusi, kwenye kinena na haviumi, kitu cha kwanza afanye ni kuacha kunyoa, cha pili apimwe magonjwa mengine ya zinaa, na hayo mambo ya kugandisha ama kukwangua ni ya kuamua baadaye na mara nyingi hata hayahitajiki. Mimi ni klinikal ofisa hapa Nairobi, na kinachoniuma ni kwamba wengi wakifika kwangu ule ugonjwa wenyewe ni mdogo tu, shida kubwa ni ile ngozi wameichoma wakijitibu.

Kwanza tujue tunaongea kuhusu kipele gani. Cha moluskamu ni kidogo, milimita 2 hadi 5 hivi, kimeinuka mviringo, ngumu kidogo ukikigusa, juu yake kunang'aa rangi ya lulu ama rangi ya ngozi yako, na katikati kuna kishimo kama kitovu. Hicho kishimo ndicho tunatafuta, na kwa vile vidogo sana huwezi kukiona bila taa nzuri. Ndani kuna kitu cheupe kizito, na hicho cheupe ndicho kimejaa virusi. Kwa watu wazima vinapenda kutokea kwenye kinena pale juu, chini ya tumbo, ndani ya mapaja, wakati mwingine kwenye shina la uume ama mashavu ya uke kwa nje. Kawaida haviumi, vinaweza kuwasha kidogo. Ukiona vidoa vidogo vimejipanga mistari vizuri kuzunguka kichwa cha uume, vyote saizi moja, na vimekuwa hapo miaka, hiyo si moluskamu na si ugonjwa, ni maumbile tu, wachana navyo. Sunzua nazo huwa na uso wa kukwaruza na hazina kishimo.

Halafu kuna hofu ya siku hizi. Tangu mpoksi, ile homa ya nyani, ithibitishwe Kenya mwisho wa Julai 2024, mtu akiona kipele chenye kishimo huko chini analala macho, na ni kweli zote mbili zinatoka kwa ukoo mmoja wa virusi, ule wa ndui, na zote zinaweza kuwa na kishimo. Lakini mpoksi mara nyingi huja na homa, tezi za kinena zinavimba, vipele vinauma, na ndani ya wiki mbili hadi nne vimeshajaa maji, vikawa vidonda, vikakauka magamba. Moluskamu inakaa vilevile wiki baada ya wiki, haina homa, haina mwili kuchoka. Kama una homa na vipele vinauma, usisome zaidi, nenda kliniki leo.

Sasa kwa nini nimekazania wembe. Hivi virusi vinaishi kwa ile tabaka ya juu ya ngozi peke yake, haviingii kwenye damu, na havijifichi kwa neva kama herpesi kisha virudi baada ya mwaka. Vinahama kwa kugusana ngozi kwa ngozi, ndiyo maana ngono ni njia kubwa kwa watu wazima na kondomu haisaidii sana maana haifuniki kinena, na pia kwa taulo, nguo ya ndani ama wembe wa kushare. Lakini kuna njia ingine watu hawaifikirii, nayo ni wewe kujiambukiza mwenyewe: unakwaruza kipele kimoja, kile cheupe kinatoka, unakipaka kwenye mikwaruzo midogo pembeni. Na wembe unafanya kazi zote mbili kwa mkono mmoja, unakata kipele na unafungua ngozi mpya hapo hapo. Waksi pia ni hivyo hivyo.

Nikupe mfano wa jamaa mmoja wa miaka ishirini na kitu, anakaa Roysambu, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane. Alianza na vipele viwili juu ya uume, akadhani ni nywele zimeingia ndani, akanyoa ili aone vizuri. Akanyoa tena wikendi iliyofuata. Baada ya wiki kadhaa akawa na mstari wa vipele umefuata kabisa njia ya wembe. Akaenda kwa kemisti, hakuvua nguo, alieleza tu kwa sauti ya chini kwa sababu kulikuwa na mama anangoja nyuma yake, akapewa asaikloviri, ambayo ni ya herpesi na kwa moluskamu haifanyi kitu. Haikufanya. Akarudi akapewa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, mwasho ukapungua akafurahi, lakini steroidi haiui hivi virusi, na ukiipaka muda mrefu kwenye ngozi laini ya kinena inaifanya iwe nyembamba. Mwishowe rafiki akampatia dawa ya kahawia ya sunzua, podofilini, akaipaka usiku akalala nayo. Hiyo dawa inapakwa na mhudumu juu ya kipele chenyewe tu na inaoshwa baada ya saa chache, si ya kulala nayo. Alikuja kwangu anatembea miguu imepanuka.

Tulitibu kwanza ule moto, hiyo ikachukua wiki. Ngozi ilipotulia tukahesabu vipele, vilikuwa 19, vingi kinenani na viwili pajani. Nikamuuliza homa, uchungu, vidonda, hakuna. Tukampima virusi vya ukimwi, kaswende, kisonono na klamidia, na hapa sisemi hivyo kwa sababu moluskamu inaleta hayo magonjwa, hapana, ni kwa sababu kama hiki kimepita kwa ngono basi kingine kingeweza kupita na hicho kingine ndicho kinaharibu mwili kimya kimya. Vyote vikatoka sawa.

Ndio tukaanza ile mazungumzo ya kutibu ama kungoja. Kugandisha kwa naitrojeni inafanya kazi, unarudi kila baada ya wiki mbili tatu, inauma, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha alama nyeupe ama nyeusi zinazokaa kuliko kipele chenyewe kingekaa, na hilo kwangu ni zito sana kwa sababu vitabu vingi vinaongea kama ngozi zote ni nyeupe. Kukwangua kunaondoa kipele papo hapo ukiwa umepakwa dawa ya ganzi, inafaa kama ni vichache, ila kovu dogo linaweza kubaki. Podofilotoksini ya nguvu ya asilimia 0.5, ambayo si ile ya kahawia aliyolala nayo, mtu anajipakia mwenyewe asubuhi na jioni siku tatu, anapumzika siku nne, anarudia hadi wiki nne, na mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia. Cochrane, wale wanaopitia tafiti za matibabu duniani, walipokusanya utafiti mwaka 2017, ingawa waliacha nje ule wa moluskamu inayopita kwa ngono, hawakupata matibabu hata moja ambayo yamethibitika vizuri kuyashinda mengine, na wakasema vipele huisha vyenyewe, kwa hivyo kungoja si uvivu wa daktari.

Kungoja kwenyewe kuna masharti lakini. Jamaa aliacha wembe kabisa, nywele akawa anapunguza na mkasi bila kugusa ngozi. Taulo lake peke yake. Hakuvibonyeza. Mwezi wa tatu akanitumia ujumbe na hofu, vipele vinne vimekuwa vyekundu, vimevimba, kimoja kina kitu kama usaha, na kwa kemisti wameshamwambia anunue antibayotiki. Nikamwambia asinunue, aje nione kwanza. Hakuwa na homa, wekundu haukuwa unatambaa kwenda mbali, uchungu ulikuwa kidogo tu, na hapo mara nyingi ni kinga ya mwili imegundua virusi na imeanza vita, ni dalili kipele kiko karibu kuisha. Wekundu ukisambaa, ukiwa moto na uchungu mwingi ama ukipata homa, hiyo ni bakteria na hapo ndio antibayotiki. Vyake vinne vilianguka ndani ya wiki chache na vingine vikafuata, na kabla mwaka haujaisha kinena kilikuwa safi. Wengi huchukua miezi sita hadi kumi na miwili, wengine wanafika hata miaka minne, na hilo lazima mtu aambiwe mapema ili achague akijua.

Kuna watu ambao siwezi kuwaambia wangoje. Mwenye ekzema ambaye anajikuna na vipele vinazidi. Anayevipata karibu na jicho. Na zaidi ya wote, mtu ambaye vipele ni vingi mno, vikubwa kupita sentimita moja, ama vimepanda usoni, huyo nataka apimwe virusi vya ukimwi siku hiyo hiyo, kwa sababu kinga ikishuka sana moluskamu inakataa kuisha na kazi kubwa inafanywa na ARV. Na kama ana kinga ya chini na vipele hivyo vimekuja na homa ama kichwa kinamuuma sana, kuna fangasi inaitwa kriptokokasi inaweza kutengeneza vipele vinavyofanana kabisa, na hiyo inaingia kwa ubongo, si ya kungoja hata wiki.

Kilichobaki ni kile kinachovunja nyumba za watu. Mpenzi wa yule jamaa alikuja naye siku ya pili, akiwa na kipele kimoja ndani ya paja, na swali lake la kwanza lilikuwa nani amemletea mwenzake. Nikamwambia ukweli, kwamba kutoka kuguswa hadi kipele kutokea ni wiki mbili hadi saba kwa kawaida lakini inaweza kufika miezi sita, na taulo ama mtoto wa dada yake aliyelala naye kitanda kimoja pia wangeweza kuileta, kwa hivyo kipele hiki hakiwezi kutoa ushahidi dhidi ya mtu. Yeye hakutaka kungoja. Alikuwa na kimoja tu, pajani, hataki kukifikiria kila akioga, na mimi nikaona ana haki kabisa, tukapaka ganzi tukakikwangua ikaisha asubuhi hiyo, nikamwambia akague mapaja na kinena kila wiki kwa miezi miwili, na wakitaka kukutana kabla vya jamaa havijaisha, vile vya pajani afunike na plasta isiyopitisha maji na wavae kondomu, lakini wajue kinena bado kitagusana.