Dawa ya kila siku baada ya maambukizi ya maji ya tumboni: nani apewe, nani asipewe

“Mgonjwa wa sirosisi akishapona maambukizi ya maji ya tumboni, tumwanzishie dawa ya kila siku, au tutakuwa tunafuga usugu?” Ameuliza daktari wa hospitali moja ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini.

Apewe, ila kwa sharti ambalo huku kwetu mara nyingi halitimizwi: liwepo jibu la maabara linaloonyesha kwamba maambukizi hayo yalikuwapo kweli. Kipimo kinachoamua ni hesabu ya nyutrofili katika maji yaliyovutwa tumboni kwa sindano. Zikifika 250 au zaidi kwa kila milimita moja ya ujazo, mgonjwa wa sirosisi huanza kutibiwa siku hiyo hiyo, hata kama hana homa na tumbo haliumi, kwa maana wengi huja na kuchanganyikiwa tu au figo zinazodhoofika. Majibu ya kuotesha vijidudu hayasubiriwi, kwani mara nyingi hayaoti kitu. Nafasi ya kuota huongezeka sana mililita 10 za maji zikiingizwa katika kila chupa ya kuoteshea damu palepale kitandani, kabla ya dozi ya kwanza ya dawa.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa kilo 60 kutoka Rungwe, mwenye sirosisi iliyotokana na homa ya ini aina ya B, ambaye tumbo lake limejaa maji na macho yamegeuka manjano. Mtaalamu wa maabara anachanganya maji hayo na kimiminika cha Turk, sehemu moja kwa ishirini, kisha anahesabu chembe nyeupe 24 katika miraba minne mikubwa ya pembeni ya kioo cha Neubauer. Ujazo wa miraba hiyo minne ni milimita za ujazo 0.4, hivyo 24 mara 20, ikigawanywa kwa 0.4, inatoa chembe 1,200. Asilimia 70 ya chembe hizo ni nyutrofili, yaani 840. Sindano ilichubua mshipa kidogo, na chembe nyekundu ni 20,000. Kwa kila chembe nyekundu 250 tunapunguza nyutrofili moja, kwa hiyo tunatoa 80 na kubaki na 760. Mgonjwa huyu ana maambukizi.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina mtego. Kwa uchanganyaji wa moja kwa ishirini, chembe moja tu inayoonekana chini ya darubini inasimama badala ya 50, na jumla ya 250 ni chembe tano tu katika miraba yote minne. Mtu akiona nne au sita amebadilisha uamuzi wa matibabu bila kujua. Kwa maji yenye chembe chache ni heri kuchanganya sehemu moja kwa mbili na kuhesabu miraba mingi zaidi. Tena sampuli iwekwe kwenye kichupa chenye EDTA ili isigande, na ihesabiwe mapema, kwa sababu nyutrofili huanza kupasuka zikikaa. Kichupa kilicholala usiku kucha juu ya meza kinaweza kumwonyesha mgonjwa kuwa mzima.

Matibabu hayana ubishi mkubwa. Seftriaksoni gramu 1 hadi 2 kwa siku, kwa siku tano hadi saba, ndiyo iliyo karibu nasi. Penye ubishi ni albumini. Utafiti wa Uhispania uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba ikiongezwa juu ya antibiotiki, walioharibikiwa figo walishuka kutoka asilimia 33 hadi 10, na vifo vya hospitalini kutoka asilimia 29 hadi 10. Dozi ni gramu 1.5 kwa kilo siku ya kwanza na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Kwa mgonjwa wetu ni gramu 90, kisha 60. Kwa chupa za mililita 100 za asilimia 20, hizo ni chupa saba na nusu, na familia nyingi haziwezi kuzinunua zote. Zikiwa chache, nafikiri zielekezwe kwa yule ambaye kreatinini imepita 88 au bilirubini imepita 68 kwa vipimo vya mikromoli kwa lita, kwa sababu huyo ndiye figo zake ziko hatarini zaidi.

Baada ya saa 48 maji yavutwe tena. Kwa mfano wetu nyutrofili zimeshuka kutoka 760 hadi 310. Zingeshuka kwa chini ya robo, tungelazimika kubadili dawa, au kutafuta utumbo uliotoboka.

Sasa tuje kwenye kinga, yaani ile dawa ya kila siku. Wanaoitetea wana hoja nzito: bila kinga, wengi hurudi na maambukizi hayo ndani ya mwaka mmoja. Katika utafiti wa mwaka 1990, norfloksasini miligramu 400 kwa siku ilipunguza waliorudiwa kutoka asilimia 68 hadi 20. Siku hizi siprofloksasini miligramu 500 au kotrimoksazoli miligramu 960, mara moja kwa siku, hutumika badala yake. Wanaosita nao hawana makosa. Vijidudu vya mwaka 1990 si vya leo, na mtu aliyekunywa siprofloksasini kwa miezi hurudi na vijidudu ambavyo dawa hiyo haivigusi. Kwetu kuna jambo la ziada. Njombe, Iringa na Mbeya zina maambukizi makubwa ya VVU, na kifua kikuu cha tumboni hujaza maji yanayofanana kwa macho na ya sirosisi. Dawa za kundi la siprofloksasini huweza kukituliza kifua kikuu kwa kiasi fulani, zikachelewesha utambuzi na kuharibu kundi linalohitajika kwa kifua kikuu sugu. Kwa hiyo chembe zikiwa nyingi lakini limfositi ndizo zilizotawala, kinga isianzishwe kabla ya kukitafuta kifua kikuu.

Kwa sababu hiyo, naegemea kotrimoksazoli kama dawa ya kwanza hapa kwetu, na anayeishi na VVU huenda tayari anainywa. Nayo ina hatari yake: mgonjwa wa maji tumboni kwa kawaida anatumia spironolaktoni, na dawa hizo mbili zikikutana potasiamu hupanda, wakati mwingine kimyakimya hadi moyo uyumbe. Potasiamu na kreatinini vipimwe kabla ya kuanza, kisha baada ya wiki moja. Pasipo uwezo wa kupima, na kifua kikuu kikiwa kimeondolewa shaka, siprofloksasini ni salama zaidi kwa mtu huyo mmoja, hata kama si nzuri kwa mkoa mzima. Omeprazoli inayonywewa kwa mazoea tu isimamishwe, maana kupungua kwa asidi ya tumboni kunahusishwa na maambukizi haya.

Kinga hii si lazima iwe ya maisha. Mgonjwa wetu akianza tenofovia, ini likajirudi na maji yakakauka kabisa, inaweza kusimamishwa. Akirudi tumbo limejaa akiwa bado anainywa, asiongezewe vidonge. Avutwe maji siku hiyo, yaoteshwe, na seftriaksoni isipopunguza nyutrofili kwa robo ndani ya saa 48, ahamishiwe meropenemu au apelekwe hospitali inayoweza kuitoa.