Nyuki Wanaoogeshwa Kila Asubuhi

Kijana mmoja aliingia steshenari kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na flashi mkononi. Anaomba nafasi ya diploma ya ufugaji nyuki huko Tabora. "Dada, nitolee kopi tatu. Kiingereza nimeshakinyoosha."

Nikafungua faili nione kama barua inaenea ukurasa mmoja. Aya ya pili inaahidi kwamba kila asubuhi atawaogesha nyuki, atawapima joto kila baada ya saa nne na kuwafariji ndugu zao. Nikamtazama. Hana hata dalili ya utani.

Kumbe aliazima barua ya dada yake aliyeombea uuguzi. Akabonyeza Ctrl+H, penye "patients" akaweka "bees", penye "nurse" akaweka "beekeeper", kisha Replace All. Kompyuta hufuata herufi tu. Ndani ya "nursery" mna "nurse", kwa hiyo bwana mdogo akawa amesoma "beekeeperry school" akiwa na miaka mitano. "Nursing" nayo haikuguswa, maana baada ya s inafuata i, si e. Kichwa cha barua bado kinaomba uuguzi! Angeweka tiki kwenye Find whole words only, "nursery" ingepona, ila nyuki wangeendelea kuogeshwa.

Tukafuta yote. Nikamuuliza kwa Kiswahili: unaomba nini, na nyuki umewahi kuwafanyia nini? Hapo akafunguka. Baba yake ana mizinga ya magogo Kasulu, yeye hufukiza moshi na kuchuja asali. Shida yao, wakati wa kurina hukata hadi masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, na makundi yanahama. Kila jibu likawa sentensi fupi: mtendaji kwanza, kisha kitendo.

```
I am applying for the Diploma in Beekeeping.
My father has 12 log hives in Kasulu.
I smoke the bees and strain the honey.
We cut the brood combs, so the bees leave.
I want to learn how to stop this.
```

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazombeba, kwa sababu hakuna mwombaji mwingine anayeweza kuzinakili. Chini tukataja vyeti alivyoambatanisha. Kwa kuwa juu kuna "Dear Sir or Madam", mwisho tukaweka "Yours faithfully". Ingekuwa jina la mtu, tungeweka "Yours sincerely".

Akaisoma, akakunja uso. "Dada, mbona nimeielewa yote? Si watadhani sijasoma?" Akataka turudishe "your esteemed institution" walau mara moja. Nikamwambia kila neno la kupamba ni shilingi elfu moja. Akakubali iende hivyo hivyo.

Tulipotaka kuituma kwa imeili nikaona jina la faili: NURSE_FINAL2.docx. Nikaihifadhi upya kama PDF, kwa jina lake na la kozi. Ile ya zamani akanisihi nisiifute: dada yake bado hajaiona.