Chai ya moto sana na saratani ya umio: kesi ni ya joto, si ya majani

Kila baada ya muda hupita ujumbe kwenye simu za watu: chai inaleta saratani, wataalamu wamesema. Na kila ujumbe huo unapopita, hatakosekana wa kujibu kwamba babu yake alikunywa chai ikitoa moshi hadi miaka tisini na hakuugua hata jino. Wote wawili wameshika ncha moja ya ushahidi wakaiacha nyingine.

Tuanze na kilichosemwa. Mwezi Juni 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka unywaji wa vinywaji vya moto sana, yaani vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, kwenye kundi la mambo ambayo "huenda" yakasababisha saratani kwa binadamu. Saratani iliyotajwa ni ya umio, ile njia inayoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kinywaji chenyewe hakikutajwa kwa jina. Chai, kahawa, hata maji matupu, vyote vimo iwapo joto limevuka hapo. Kahawa, ambayo zamani iliwahi kushukiwa kwa saratani ya kibofu, mwaka huohuo iliondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Hilo kundi la "huenda" watu wengi hulisoma vibaya. Linaeleza ushahidi una nguvu kiasi gani; halielezi hatari ni kubwa kiasi gani. Nyama nyekundu nayo imo humo, na hakuna anayekimbia harufu ya mshikaki.

Lakini kwa nini joto? Ngozi laini ya ndani ya umio haikuumbwa kuunguzwa. Ikiungua, seli zake hufa na nyingine huzaliwa haraka kuziba pengo. Ukiiunguza asubuhi, saa nne na jioni kwa miaka thelathini, kazi ya kuziba haiishi, na kila seli inapojigawa kuna nafasi ya kukosea. Isitoshe, ngozi iliyojeruhiwa hupitisha kwa urahisi sumu ambazo ngozi nzima ingezizuia, kama zile za moshi wa sigara na za pombe. Panya waliopewa maji ya moto sana pamoja na kemikali inayojulikana kuleta saratani walipata vivimbe vingi kuliko waliopewa kemikali hiyo bila maji ya moto. Kwa hiyo joto linaonekana zaidi kama mwenye kumfungulia mwizi mlango kuliko mwizi mwenyewe.

Ushahidi wenye uzito zaidi upande wa mashtaka unatoka mkoa wa Golestan, kaskazini mwa Iran, ambako saratani hii imekuwa nyingi kupita kiasi kwa miongo mingi. Kinachofanya Golestan iwe mahali pazuri pa kuuliza swali hili ni kwamba watu wake hawanywi pombe kwa kiasi cha kutajika na wavuta sigara si wengi, ila chai nyeusi wanakunywa zaidi ya lita moja kwa siku. Watafiti hawakuridhika kumuuliza mtu kama chai yake ni "ya moto", kwa sababu moto wa mmoja ni vuguvugu la mwingine. Walimimina vikombe viwili kwa pamoja na kutia kipimajoto kimoja wapo. Joto liliposhuka hadi nyuzi 75, mhojiwa alionja kile kingine na kusema kama ndivyo anavyokunywa kwake. Akikataa, walingoja nyuzi tano nyingine zishuke, akaonja tena.

Kipimajoto hicho kilitumika kwa watu wazima waliofuatiliwa baadaye. Matokeo ya mwaka 2009 kuhusu wagonjwa yalitegemea maneno ya watu wenyewe, na yalilinganisha wagonjwa 300 na watu 571 wasio na saratani hiyo. Waliosema chai yao ni ya moto sana walikuwa na uwezekano wa kuwa upande wa wagonjwa mara nane hivi kuliko wanaokunywa ya vuguvugu. Waliokunywa kabla ya dakika mbili kupita tangu kumiminwa walikuwa na uwezekano mara tano zaidi ya waliongoja dakika nne au zaidi.

Hapo ndipo mtetezi wa chai anaposimama, na hoja yake ni nzito. Mgonjwa aliyeshindwa kumeza hukaa kitandani akitafuta chanzo cha masaibu yake. Ukimuuliza kuhusu chai ya moto, ataikumbuka moto kuliko ilivyokuwa. Mzima hana sababu ya kukumbuka hivyo. Dawa ya tatizo hili ni kuwauliza watu wakiwa wazima, kisha kungoja. Golestan ilifanyika hivyo pia: watu 50,045 walipimwa joto la chai yao kisha wakafuatiliwa kwa takriban miaka kumi, na matokeo yakatolewa 2019. Wagonjwa wapya walikuwa 317. Wanaokunywa zaidi ya mililita 700 kwa siku, kwa joto la nyuzi 60 kwenda juu, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 90 ile ya wanaokunywa kidogo na isiyo moto sana.

Tazama kilichotokea. Mara nane imekuwa karibu mara mbili. Vipimo vya tafiti hizo mbili havikugawanywa sawasawa, kwa hiyo si haki kuvilinganisha moja kwa moja, lakini nadhani sehemu ya ile nane ilikuwa kumbukumbu ya mgonjwa. Hata hivyo, kilichobaki si sifuri.

Utafiti unaompa mtetezi nguvu zaidi ni wa China, wa mwaka 2018. Ulifuatilia watu 456,155 kwa miaka tisa hivi. Waliokunywa chai ya moto na pia kunywa pombe nyingi walikuwa na hatari mara tano; wenye chai ya moto na sigara, mara mbili. Lakini wasiovuta wala kunywa pombe kupita kiasi, chai yao ya kila siku haikuonekana kuwadhuru. Je, China inaifuta Golestan? Sioni hivyo. China hakuna aliyeshika kipimajoto. Kila mtu alisema mwenyewe. Tena matokeo yake yanakwenda sambamba na ule mfano wa mlango: palipo na mwizi ndani ya ua, kufungua mlango ni balaa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu huku ndiko jambo linakotuuma. Kuna ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio ni nyingi, ilhali Afrika Magharibi ni chache. Bomet, magharibi mwa Kenya, madaktari wameandika kuhusu wagonjwa walio chini ya miaka thelathini, umri ambao kwingineko ugonjwa huu ni nadra sana. Eldoret, wagonjwa 430 walilinganishwa na watu 440 wasio na saratani hiyo, na ripoti ikatoka 2019. Wanywaji wa "moto sana" walikuwa na uwezekano mara 3.7 kuliko wa vuguvugu. Wa "moto" tu, mara 1.4. Huu nao ulitegemea kumbukumbu, basi uupunguze kama tulivyopunguza ule wa kwanza wa Golestan.

Kilichonigusa zaidi ni kazi ndogo ya Kilimanjaro iliyotoka 2015, kwa sababu ilipima vikombe badala ya wagonjwa. Watu wazima 188 walipimwa joto la chai yao wakati wa funda la kwanza. Wastani ulikuwa nyuzi 70.6. Yaani mtu wa kawaida kabisa, si yule mwenye sifa ya kunywa moto, yuko juu ya mstari wa 65. Halafu ikaonekana kwamba chai ya maziwa ilipoa polepole mara mbili kuliko chai ya rangi, na wanaoinywa waliianza ikiwa na moto zaidi.

Ina maana zile dakika nne za Golestan haziwezi kuhamishwa hivihivi hadi meza zetu. Zilikuwa dakika za chai nyeusi. Chai yetu, maziwa na majani vimechemshwa pamoja kwenye sufuria moja, ikaingizwa kwenye chupa ya chai, ikamiminwa nusu saa baadaye bado inaunguza ulimi. Anayesoma ushauri wa dakika nne akautumia kwa chai ya maziwa anaweza kuwa bado yuko pale pale.

Kuna jambo jingine linalofichika kwenye takwimu ya Kilimanjaro. Kama karibu kila mtu anakunywa moto, joto haliwezi kueleza kwa nini jirani aliugua na wewe hukuugua. Ndiyo maana hadithi ya babu wa miaka tisini haithibitishi kitu. Joto linaweza tu kusaidia kueleza kwa nini ukanda mzima una wagonjwa wengi, na hata hapo halisimami peke yake. Kuna tumbaku, kuna chang'aa na pombe nyingine za kienyeji, kuna moshi wa kuni jikoni, meno mabovu, vyakula vyenye upungufu wa madini. Anayesema chai ndiyo iliyoleta ukanda huu anasema zaidi ya alichonacho mkononi.

Na ukubwa wa hatari kwa mtu mmoja? Golestan, mahali pabaya kuliko kwingi, wagonjwa 317 kati ya 50,045 ni kama watu sita katika kila elfu moja kwa miaka kumi. Ukiongeza asilimia 90 juu ya hesabu ya aina hiyo, bado waliosalimika ni zaidi ya 980 katika elfu. Ni ongezeko la kweli kwa nchi inayohesabu wagonjwa. Kwa mnywaji mmoja asiyevuta wala kunywa pombe ni jambo dogo. Anayepaswa kushtuka kwanza ni yule anayeshika kikombe cha moto kwa mkono mmoja na sigara kwa mwingine.

Hakuna anayehitaji kuacha chai. Upo uchunguzi wa zamani, wa mwaka 1972, ambao watu walimeza kahawa huku kipimajoto kikiwa ndani ya umio wenyewe. Funda kubwa la mililita 20 la kahawa ya nyuzi 65 liliweza kupandisha joto la umio kwa nyuzi hadi 12, na ukubwa wa funda ulikuwa na uzito kuliko moto wa kinywaji chenyewe. Funda dogo hupoa mdomoni na njiani. Kubwa hufika chini likiwa na moto wake. Mnywaji wa kahawa chungu barazani, na kikombe chake kisichojaa kiganja, hana nafasi ya kugugumia. Mwenye kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, anayewahi gari saa kumi na mbili asubuhi, anayo.

Wazee waliomimina chai kwenye kisahani, wakaipuliza na kuivuta kwa sauti, tuliwacheka. Kisahani hutanua chai, ikapoa upesi hata ikiwa ya maziwa, na hakuna awezaye kupiga funda kubwa kutoka humo.