Dosari ya Edipode: ilimwangusha au ilimfichua?

Darasani tanzia ya Kigiriki hufundishwa kwa kanuni fupi: shujaa mkubwa, dosari moja, anguko. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mfalme Edipode wa Thebe aliangamia, huandika "kiburi" na kuchukua alama zake. Lakini katika tamthilia ya Sofokle, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Mfalme Edipode*, Laio, baba wa Edipode, alikwisha kuambiwa na mungu Apolo kwamba atauawa na mtoto atakayezaa na mkewe Yokasta. Apolo hakutia sharti. Hakusema "mwanao akiwa na kiburi". Sasa kiburi kinaingilia wapi?

Hilo ndilo pingamizi la E. R. Dodds, msomi wa Oksfodi, katika makala yake ya mwaka 1966. Kwa Dodds, Aristotle aliposema kwamba shujaa huanguka kwa kosa fulani wala si kwa uovu, alikuwa akizungumzia kosa la kutojua: mtu anatenda jambo bila kufahamu anamtenda nani. Edipode hakujua kwamba mzee aliyemuua njia panda ni babaye. Kumtafutia dosari ya tabia, kwa maoni hayo, ni kujifariji kwetu sisi watazamaji: tunataka kuamini kwamba aliyeangamia alijitakia.

Pingamizi hili lina nguvu, na kwa upande wa dhambi zenyewe naona Dodds ameshinda. Tazama alivyofika njia panda. Mlevi mmoja karamuni Korintho alimwambia kwamba si mtoto halisi wa Polibo, mfalme wa huko aliyemlea. Akaenda Delfi, kwenye hekalu la Apolo, kuuliza wazazi wake ni nani. Apolo hakumjibu swali hilo, akamwambia tu kwamba atamuua babaye na kumwoa mamaye. Edipode akaamua asirudi Korintho tena, asije akamdhuru Polibo. Uamuzi huo ni wa mtoto mwema, nao ndio uliomkutanisha na gari la Laio. Mzee akampiga kichwani kwa mchokoo, naye kijana akarudisha pigo, akaua msafara mzima, au alivyodhani. Hasira ipo hapo, sikatai. Ila mpole naye angefika kwenye utabiri uleule kwa njia nyingine, kwa kuwa Apolo alikwisha kusema.

Hata hivyo kuna jambo linalosahaulika kirahisi: hayo yote yametokea miaka mingi kabla tamthilia haijaanza. Jukwaani Edipode haui mtu wala haoi mtu. Tunachokitazama ni siku moja ambayo mfalme anapeleleza mauaji ya zamani hadi anajikuta yeye ndiye muuaji. Apolo alitabiri mauaji na ndoa. Kwamba Edipode ataugundua ukweli siku hiyo, mbele ya raia wake, kwa ulimi wake mwenyewe, hilo hatusikii likitabiriwa naye. Hapo ndipo tabia inapopata kazi.

Mwanzoni Kreoni, shemeji yake, anarudi kutoka Delfi na habari kuhusu tauni inayoua mji. Anauliza: niseme hapa mbele ya watu, au tuingie ndani? Edipode anamwambia aseme mbele ya wote, na habari yenyewe ni kwamba tauni haitakoma mpaka muuaji wa Laio aondolewe. Kisha anatoa laana hadharani juu ya muuaji wa Laio, na juu ya nyumba yake mwenyewe iwapo anamhifadhi kwa kujua. Angeingia ndani, mambo yangebaki siri ya wakubwa. Anamwita mwaguzi Teiresia, ambaye anakataa kusema na kuomba arudishwe nyumbani. Edipode anamtukana mpaka mzee anakasirika na kumtupia ukweli usoni: muuaji unayemtafuta ni wewe. Badala ya kusikia, mfalme anamshuku Kreoni kwamba amepanga njama.

Jaribu kumweka mtu mwingine mahali pake. Yokasta anajua yale anayoyajua Edipode, tena anatambua kabla yake. Mjumbe wa Korintho anapoeleza kwamba alimpokea Edipode akiwa mtoto mchanga kutoka kwa mchungaji wa Laio, yule aliyepewa mtoto wao akamtupe, Yokasta anamsihi mumewe aache kuuliza. Tamthilia ingemfuata yeye ingeishia hapo. Edipode anadhani mkewe anaogopa tu kugundua kwamba kaolewa na mtoto wa mtumwa, na anamwita mchungaji. Mchungaji naye anataka kunyamaza, mfalme anaamuru afungwe mikono. Watu watatu wamemfungulia mlango wa kutokea, na mara zote tatu ameufunga mwenyewe.

Ndiyo maana anguko halionekani kuwa bahati mbaya, ingawa, na hapa nawapa haki wapinzani, mpango mzima umejaa bahati. Mjumbe anayeleta habari za kifo cha Polibo ndiye yuleyule aliyembeba Edipode utotoni. Mchungaji aliyemtoa ndiye yuleyule aliyenusurika njia panda. Ukiyaweka mezani hivyo, ni masadfa ambayo mwandishi wa leo angeambiwa ayafute.

Sofokle anayaficha kwa ufundi. Mchungaji anaitwa kwanza kwa sababu nyingine kabisa: Edipode anataka kujua kama waliomshambulia Laio walikuwa wengi au mmoja. Anapogeuka kuwa shahidi wa jambo la pili, sisi tumekwisha kumsubiri. Mjumbe naye anaingia mara tu Yokasta anapomaliza kumwomba Apolo awaondolee balaa, kwa hiyo ujio wake unasikika kama jibu la mungu. Aristotle aliuona mchezo huo. Alitoa mfano wa sanamu ya Mitisi huko Argosi iliyomwangukia na kumuua mtu aliyemuua Mitisi: ni tukio la bahati, lakini lina sura ya kukusudiwa, na hadithi yenye sura hiyo humshangaza mtu zaidi. Alisema pia kwamba lisiloingia akilini liwekwe nje ya tamthilia, akitaja kutojua kwa Edipode jinsi Laio alivyokufa.

Kwa hiyo hisia ya "hapakuwa na njia nyingine" imejengwa kwa mikono miwili. Utabiri unatuambia mwisho, na tabia inajaza katikati, hatua kwa hatua, mpaka kila masadfa yanapata mtu wa kuyaitikia. Kosa la kanuni ya darasani ni kuiita tabia hiyo kiburi kana kwamba ni uchafu uliomchafua mtu safi. Ukaidi wa kutaka kujua ndio uliotegua kitendawili cha zimwi Sfinksi na kuiokoa Thebe. Raia wanamjia wakati wa tauni kwa sababu ya sifa hiyohiyo. Mwenyewe, baada ya kujitoboa macho kwa bizimu za dhahabu za Yokasta, anayatenganisha mambo mawili: mateso yake yameletwa na Apolo, ila mkono uliopiga macho ni wake.

Sofokle alimrudia Edipode katika tamthilia nyingine, iliyochezwa Athene mwaka 401 KK baada ya kifo cha mtunzi wake. Humo kipofu huyo anajitetea kama wakili: sikujua, na nilipigwa kwanza. Hakuna anayemshinda hoja. Kisha mwanawe Polineise anakuja kumwomba msaada, na mzee anamlaani yeye na nduguye wauane. Sofokle alimwondolea hatia, hasira akamwachia, na laana hiyo ikatimia.