Magadi Gramu 10

Mjukuu wangu wa kwanza ameolewa Nakuru, na tangu aende huko simu yake ni moja tu: "Kukhu, konzi ya mrenda ni gramu ngapi?" Mimi hapa Kakamega napika mrenda tangu nikiwa na meno yote. Mkono ndio kipimo changu. Hata hivyo nilimtuma mdogo wake aniletee mizani ya jikoni, nikakaa kuandika kadi.

Majani hayakunisumbua. Niliyachambua, nikayaweka konzi moja moja: konzi tatu za mrenda na moja ya kunde zikafika gramu 160. Kijana naye akaweka konzi moja ya kwake, mizani ikaruka, maana mkono wake ni kama kasia. Basi nikaandika gramu. Maji vikombe viwili, yachemke kwanza, na sufuria isifunikwe kamwe, kwa sababu mrenda huumuka ukamwagika.

Shida ilikuja kwa magadi. Nilibana kwa vidole vitatu kama kawaida yangu, nikadondosha kwenye mizani. Ikasoma 0. Nikaongeza pumzi kidogo, bado 0. Yaani miaka yote hii nimekuwa sitii kitu! Kijana akanifundisha: mizani hii haioni kitu chepesi hivyo, kwa hiyo bana mara 20, upime zote pamoja, kisha ugawanye. Nikabana 20. Zikatoka gramu 10. Nikaandika "Magadi: gramu 10", nikamwita kijana tunywe chai kabla ya kugawanya. Chai ilikuwa na maandazi, mambo ya kugawanya yakaishia kwenye maandazi.

Jumapili simu ikalia. "Kukhu, mboga inatoa povu!"

"Mrenda hutoa povu, mwanangu."

"Kukhu, povu limefika chini!"

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama mkwe wake ikiuliza kwa upole kama kuna nguo zinazofuliwa. Nikamwambia aonje kwa ncha ya kijiko. Kimya. Kisha akatema. Magadi yakizidi, mboga huwa chungu na yenye ladha ya sabuni, na hapo hakuna chumvi wala maziwa ya kuiokoa. Mrenda mzuri hubaki kijani, na ukiinua mwiko unaning'inia kama uzi. Huu wake ulikuwa wa kumwaga.

Walikula mayai.

Nimemwandikia kadi nyingine: nusu gramu, yaani kama nusu ya robo ya kijiko cha chai. Na chini nimeongeza: mizani ikisema 0, iache iseme.

Ile ya kwanza nilitaka ichanwe. Mama mkwe amekataa. Anasema povu lile lilipopita juu ya meko, mafuta yaliyoganda yakang'oka yote, sasa ameibandika pale karibu na sinki.