Kitambaa hakikamati buu, kinakamata kiroboto

"Kitambaa cha kuchujia maji kitazuiaje mabuu ya mnyoo wa Ginea yasiyoonekana kwa macho?"

Ndugu, hakiyazuii. Buu la mnyoo wa Ginea likiwa peke yake majini halimwambukizi mnywaji. Lazima limezwe na kiroboto wa maji, likomae ndani yake kama siku 14. Huyo ana karibu milimita 1, na matundu ya chujio la nailoni hayafiki robo ya hapo. Ukimmeza, tumboni anakufa, buu linabaki. Baada ya mwaka mnyoo unatokea mguuni. Kongo yetu OMS iliithibitisha kuwa huru na mnyoo huu Desemba 2022, lakini hapa Bukavu ninaona mtu akichuja bidoni anageuza kitambaa. Ukikigeuza, maji yanawasukuma viroboto walionaswa moja kwa moja ndani ya ndoo safi.